Laki Tatu na Sitini Zilizohama

Maneno niliyowaambia wenye maduka ya vifaa vya ujenzi waliokutana Moshi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikiondoa salamu ndefu na yale mambo ya maikrofoni.

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Aliyenialika aliniomba nizungumzie "madeni". Nikamwambia hilo ni neno kubwa mno kwa saa moja. Nitazungumzia jambo moja dogo linalotokea hapa Moshi kila wiki, na wengi wenu limewapata bila kulijua: una ankara tatu kwa msambazaji, huna fedha za kuzimaliza zote, unapeleka kiasi ulichonacho. Hiyo fedha inakwenda kulipa nini?

Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo kwa miaka kumi na tisa. Nilikuwa karani wa madeni ya wateja kwa msambazaji mmoja ambaye sitamtaja. Vitabu nilivyokuwa naandika mimi ndivyo mlivyokuwa mkigombana navyo ninyi. Kwa hiyo leo nawaambia tulivyokuwa tunafanya kule ndani.

Kila mmoja hapa anachukua mali kauli. Saruji inashushwa, mnasaini karatasi, mnapewa siku thelathini. Ikifika Machi mpaka Mei mvua za masika zinanyesha, mafundi wanakaa nyumbani, msingi hauchimbwi, na dukani kinachouzwa ni misumari na turubai. Ankara zile hazijui kwamba kuna mvua. Ndipo mnapoanza kulipa nusunusu, na ndipo meza yangu ilipokuwa inajaa.

Nitawapa kisa cha mama mmoja wa Himo. Amekubali nikisimulie, jina nimelihifadhi, na tarakimu nimezisawazisha kidogo ili tuzifuate bila kikokotoo.

Mama huyu alikuwa na ankara tatu. Ya kwanza ya saruji, tarehe 4 Machi, shilingi 1,850,000. Ya pili ya mabati, tarehe 18 Machi, shilingi 2,400,000. Ya tatu ya nondo, tarehe 2 Aprili, shilingi 1,600,000. Jumla 5,850,000. Shikeni kwa majina ya bidhaa, saruji, mabati, nondo, kwa mpangilio huo huo wa umri.

Kwenye mabati kulikuwa na tatizo. Mabati ishirini yalifika yamekunjika pembeni, mzigo ulifungwa vibaya kwenye lori. Kila bati lilikuwa shilingi 18,000, kwa hiyo ishirini ni 360,000. Mama alifanya jambo la busara ambalo baadaye lilimwokoa: kabla dereva hajaondoka aliandika kwa mkono kwenye hati ya kupokelea mzigo, "mabati 20 yamekunjika", na dereva akasaini chini yake. Akabaki na nakala. Ofisa mauzo akapiga simu, akasema, "Mama usijali, hati ya punguzo itatoka." Kusubiri hati ile hakukuwa ubaya wa mtu. Hati ya punguzo inagusa kodi ya ongezeko la thamani, ile asilimia 18, kwa hiyo mhasibu haitoi kwa kuambiwa kwenye simu. Anataka karatasi, anataka ghala limthibitishie. Inachukua wiki, na fedha za mteja haziwezi kusubiri wiki hizo.

Tarehe 10 Aprili mama akaweka benki shilingi 3,000,000. Kwenye maelezo ya malipo akaandika jina la duka lake, basi.

Mimi nikaipokea. Nikaanza na ya zamani kuliko zote: saruji 1,850,000, ikaisha. Zikabaki 1,150,000, nikazipeleka kwenye mabati, yakabaki 1,250,000. Nondo sikuigusa. Hiyo ndiyo kanuni ya "ya zamani kwanza", na hata leo nikiulizwa nitasema siku ile nilifanya sawa. Kwa kweli nilimfanyia mama hisani. Saruji ilikuwa imepita siku zake thelathini tangu tarehe 3 Aprili, na kwetu mteja mwenye ankara iliyopitwa na muda aliweza kunyimwa mzigo mpya wakati wowote. Kwa kuifunga saruji, nilimfungulia lori linalofuata. Mabati yalikuwa na muda mpaka tarehe 17, na nondo mpaka Mei. Tarehe 10 Aprili, saa nane mchana, mama hakuwa na deni hata moja lililopitwa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana wengi mnadhani kanuni hii ni ujanja wa wasambazaji. Si ujanja, na wala si amri ya mbinguni. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ilitungwa mwaka 1961, na sehemu kubwa ilifuata Sheria ya Mikataba ya India ya 1872 iliyokuwa ikitumika Tanganyika kabla yake. Katika jambo hili inakwenda kwa ngazi. Kwanza anasikilizwa anayelipa. Akisema wakati wa kulipa kwamba "fedha hii ni ya deni fulani", na mdai akaipokea, basi ni ya deni hilo. Asiposema, lakini mazingira yenyewe yanasema, yanafuatwa mazingira. Mfano ulio wazi ni kiasi: ukipeleka 1,600,000 kamili na una ankara moja tu ya 1,600,000, fedha imeshajieleza. Pasipo neno wala dalili, mdai ndiye anayechagua, na anaweza kuipeleka hata kwenye deni la zamani mno, lililokwisha kupita muda wa kushtakiwa mahakamani. Ikiwa na yeye hakuchagua, ndipo madeni yanalipwa kwa kufuata tarehe, la zamani kwanza, na yenye umri sawa yanagawana kwa uwiano.

Mnaona? "Ya zamani kwanza" kisheria iko mwisho wa ngazi. Inafika mwanzoni kwa sababu nyie mnanyamaza, nasi karani tunachagua iliyo rahisi. Waingereza wana kesi yao ya mwaka 1816 iliyotokana na hesabu za benki, nayo ilifika hapohapo: kwenye akaunti inayoendelea, kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kulipwa.

Kuna jambo moja tu linaloweza kuwafunga mdomo kabla hamjaufungua. Ile fomu ya kuomba mkopo mnayosaini siku ya kwanza, kurasa mbili au tatu za maandishi madogo. Nyingine zina mstari unaosema malipo yote yatapelekwa kwenye ankara za zamani bila kujali maelekezo ya mteja. Ukisaini huo, umeshasema. Nendeni mkaisome leo. Nimeona wateja waliofanya biashara na sisi miaka minane hawajui kama fomu ile ipo.

Turudi Himo. Tarehe 30 Aprili mama akaweka 890,000. Kwa hesabu yake alikuwa anamaliza mabati: 1,250,000 toa 360,000 za mabati yaliyokunjika, zinabaki 890,000. Hesabu nzuri, haina kosa. Kwenye kitabu changu ankara ya mabati ikabaki na 360,000. Mpaka hapo vitabu vyetu viwili vilikuwa vinaweza kupatanishwa kwa simu moja ya dakika tatu. Tofauti ipo mahali pake, kwenye ankara yake, ina sababu yake.

Tarehe 2 Mei ikafika siku ya nondo. Mama hakuwa nazo zote. Akatuma 1,000,000 kwa simu kwenye lipa namba, na tarehe 9 Mei akatuma 600,000. Kwake yeye nondo imekwisha.

Kwangu mimi, ile milioni ilipoingia nilitazama ankara ya zamani kuliko zote iliyo wazi. Ilikuwa ni ipi? Mabati, 360,000. Nikaichukua 360,000 kutoka kwenye ile milioni, nikafunga mabati. Zilizobaki 640,000 nikapeleka kwenye nondo. Ilipokuja 600,000 nikaipeleka kwenye nondo pia. Nondo ikabaki na deni la 360,000.

Ngoja niseme tena taratibu. Mabati mabovu, ambayo mama aliyakataa, ambayo dereva aliyasainia, nimeyalipisha. Na nondo, ambazo hazikuwa na ubovu wowote na mama amezilipia mpaka senti ya mwisho, kitabu kinasema ana deni. Jumla haijabadilika. Yeye angesema, "Tofauti yetu ni laki tatu na sitini," na mimi ningesema hivyohivyo. Lakini tofauti imehama nyumba, na sababu yake imebaki kwenye nyumba ya zamani.

Tarehe 14 Mei alichukua rangi, shilingi 720,000. Juni akalipa 720,000 kamili. Hapa nakiri kosa, na kosa hili ni langu. Kiasi kile kilikuwa sawasawa na ankara ya rangi. Sheria, kama nilivyosema, ingesema kwamba fedha ile imejieleza. Lakini mimi nilikuwa na mazoea: naanza juu, nashuka. 360,000 zikaenda nondo, 360,000 zikaenda rangi. Tofauti ikahamia kwenye rangi.

Julai ankara ya rangi ilikuwa imepitwa na muda kwa 360,000, na kompyuta ikamfungia mama akaunti. Lori la saruji likaondoka Moshi bila mzigo wake. Akanipigia simu, akauliza, "Mwanangu, rangi nimelipa, mbona mnanidai rangi?" Nikamjibu kwa sauti ya ofisini, "Mama, kitabu kinaonyesha hujamaliza." Hakuna kati yetu aliyetamka neno mabati. Mimi sikuyakumbuka, na yeye hakujua kwamba ndiyo tunayoyazungumzia.

Septemba akaja mwenyewe ofisini kudai hati ya punguzo. Meneja akafungua akaunti, akaona ankara ya mabati imelipwa yote, tarehe 2 Mei. Akamwambia, "Mama, kama yalikuwa mabovu mbona ulilipa?" Na ofisa mauzo aliyeahidi kwenye simu alikwisha kuacha kazi. Kilichomwokoa ni ile nakala yenye mwandiko wake na saini ya dereva. Hati ya punguzo ilitoka mwishoni mwa mwezi ule. Kati ya Julai na Septemba alifungiwa akaunti mara mbili kwa deni ambalo halikuwapo.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu ndipo kanuni ya ya zamani kwanza inapouma. Ankara zote zikiwa safi, haina madhara makubwa, na mara nyingi inakusaidia kama ilivyomsaidia mama tarehe 10 Aprili. Inaharibika pale ankara moja ya zamani ina kipande cha deni unachokikataa. Kipande hicho hakiwezi kukaa wazi kikisubiri. Malipo yoyote ya kimya yanayofuata yatakimeza, na upungufu utasogea mbele, ankara moja baada ya nyingine, mpaka ukutane nawe kwenye bidhaa usiyokuwa na ugomvi nayo.

Utajuaje kwamba tayari imekupata? Omba taarifa ya akaunti yako kutoka kwa msambazaji, lakini usiridhike na ile ya mstari mmoja wa jumla. Omba inayoonyesha kila ankara na kilichobaki juu yake. Kisha weka karibu na daftari lako. Ukikuta jumla zinalingana, au zinatofautiana kwa kiasi unachokijua, lakini ankara zilizo wazi kwao si zile zilizo wazi kwako, hapo kuna kitu kimehama. Tazama kiasi kinachojirudia. Laki tatu na sitini kwenye mabati, laki tatu na sitini kwenye nondo, laki tatu na sitini kwenye rangi: tarakimu moja inayotembea.

Na tafadhali, mtu asije na risiti ya mashine ya kodi akisema, "Hii hapa, nimelipa." Risiti ya EFD inatolewa mali inapouzwa, hata kama ni kwa mkopo. Inathibitisha mauzo. Stakabadhi ya malipo ni karatasi nyingine, na stakabadhi nzuri inataja fedha imelipa ankara zipi. Kama yako haitaji, irudishe waandike.

Sasa, mama angefanya nini tarehe 10 Aprili? Wengi wenu najua mnachofikiria: angeelekeza fedha kwenye nondo na saruji, mabati ayaruke kabisa. Jaribuni hesabu. 1,600,000 za nondo, zinabaki 1,400,000 za saruji, na saruji inabaki na 450,000 ambazo zimeshapitwa na muda. Akaunti ingeweza kufungwa siku hiyohiyo. Haki ya kuelekeza anayo, lakini angeitumia kujifungia mlango.

Kilichofaa ni ugawaji uleule nilioufanya mimi, ukiwa na maneno. Ujumbe kama huu, kwa WhatsApp ya ofisi ya hesabu wala si ya ofisa mauzo, siku ileile ya kuweka fedha, pamoja na picha ya karatasi ya benki:

"Nimelipa 3,000,000 leo 10 Aprili. 1,850,000 ni ankara ya saruji ya 4 Machi, yote. 1,150,000 ni sehemu ya ankara ya mabati ya 18 Machi. Katika ankara hiyo mabati 20 yaliyokunjika, 360,000, siyalipii. Nasubiri hati ya punguzo. Malipo yangu yajayo yasipelekwe kwenye hizo 360,000."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Lakini msiitegemee peke yake, kwa sababu karani wa Mei huenda hajasoma ujumbe wa Aprili. Kila malipo yanayofuata yataje ankara yake. Tarehe 2 Mei: "1,000,000 ni ya nondo ya 2 Aprili, sehemu ya kwanza." Maneno kumi hivi. Yangetosha kunizuia.

Na pale ambapo hamna nafasi ya maneno, maana kwenye simu mnaweka namba ya siri mnaondoka, acheni tarakimu zenyewe ziseme. Milioni moja, laki tano, milioni tatu: fedha za namba mviringo ni bubu, haziambii ofisi chochote. Ankara ikiwa ya 1,247,500, lipa 1,247,500. Kuna programu zinazoelewa lugha hiyo. QuickBooks ya kompyuta, ukiiachia igawe yenyewe, hutafuta kwanza ankara yenye kiasi sawasawa na kilichoingia. Ikikosa, ndipo inaanzia kwenye ya zamani. Kwenye Tally karani anachagua mwenyewe: akijua ankara anaweka `Agst Ref` na kuitaja, asipojua anaweza kuiacha `On Account`, ikaning'inia huko bila kupunguza ankara yoyote. Ukiona hayo maneno ya pili kwenye taarifa yako, piga simu siku hiyohiyo, fedha yako bado haijapata kazi.

Kwa walio upande wa wasambazaji, nawaona wawili watatu pale nyuma, nawaombeni kitu kimoja. Ankara yenye mgogoro wekeni alama, na kiasi cha mgogoro kiondoeni kwenye foleni ya ya zamani kwanza. Nyie wenyewe mnaumia: deni safi linaonekana bovu, na bovu linaonekana limelipwa. Nilikuwa natumia kalamu nyekundu. Nilianza baada ya Himo.

Tulipofika kwenye maswali, kaka mmoja mwenye duka Boma Ng'ombe aliuliza: "Mimi nimetuma laki nane jana jioni, kimya, na nina mifuko ya saruji iliyoganda ninayoikataa. Nimeshachelewa?"

Nilimuuliza kama amepata stakabadhi. Akasema bado. Nikamwambia basi atoke nje sasa hivi apige simu. Haki ya kuelekeza ni ya wakati wa kulipa, kwa hiyo hawezi kuwaamrisha tena. Lakini kama karani hajagawa bado, au amegawa na hajamwambia, mara nyingi akiombwa kwa heshima hubadilisha; ni kubofya mara mbili. Stakabadhi ikishatoka na kutaja ankara, itabidi waafikiane upya kwa maandishi.

Akatoka. Alirudi baada ya dakika kumi hivi, akakaa, akaniinulia kidole gumba. Aliyekaa karibu naye akaanza kutafuta simu yake mfukoni.